Barua pepe kutoka Gisenyi kwenda Mbale: yapi ya kuuliza chuo cha dini kabla ya kulipa ada

Kila mwaka, mitihani ya taifa ya kidato cha mwisho inapomalizika, vijana wa familia za Waswahili mjini Gisenyi huanza kutafuta chuo. Wengi wao wamelelewa baina ya shule ya serikali asubuhi na madrasa jioni, na baadhi wanataka kuendelea na masomo ya dini hadi ngazi ya shahada. Chuo kinachotajwa mara nyingi ni Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, kilichoko Mbale, ambacho wengi hukiita kwa herufi zake, IUIU. Safari ya kwenda huko haianzii kituo cha mabasi. Huanza kwa barua pepe ya kuuliza mambo matatu: ada, ufadhili na sifa za kujiunga.

Barua hiyo huonekana jambo dogo, kumbe makosa mengi ya baadaye huzaliwa humo. Kijana aliyeuliza vibaya hujibiwa kwa ujumla, na aliyejibiwa kwa ujumla hufika chuoni akiwa na ada ya muhula mmoja na cheti kisichokubalika. Wapo pia waliosoma hadi mwisho, wakarejea Rwanda na shahada ambayo nchi yao haikuitambua.

Inafaa kukumbusha kwamba zamani elimu ya juu ya dini ilikuwa jirani zaidi. Mwaka 1984 Waadventista walifungua chuo kikuu chao Mudende, katika vilima vilivyo juu ya Gisenyi, na chuo hicho kikahamia Kigali baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Upande wa pili wa mpaka, Goma, Waprotestanti wana chuo chao tangu mwaka 1985. Waislamu wa mji huu hawakuwahi kuwa na chuo kikuu cha dini yao karibu kiasi hicho, na ndiyo maana barua zao huelekea mbali.

Chuo chenyewe na hadhi yake kisheria

Wazo la chuo cha Mbale lilitokana na mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore, Pakistan, mwaka 1974. Huko iliamuliwa vijengwe vyuo vikuu viwili barani Afrika, kimoja kwa nchi zinazotumia Kifaransa, ambacho kilikuja kuwa Say nchini Niger, na kingine kwa nchi zinazotumia Kiingereza. Hicho cha pili kilifunguliwa Mbale Februari 1988, na mwaka 1990 kikawekewa sheria yake maalumu. Hivi leo kina matawi mengine, likiwemo la Kibuli mjini Kampala, la Arua, na la Kabojja ambalo ni la wanawake peke yao. Hupokea wanafunzi wa dini zote, na hufundisha sheria, ualimu, biashara na sayansi pamoja na elimu ya Kiislamu na lugha ya Kiarabu.

Habari hizi zina maana kwa mwandishi wa barua kwa sababu mbili. Kwanza, chuo chenye sheria yake hakifanani na taasisi ya dini iliyosajiliwa kama shirika tu. Taasisi ya namna hiyo yaweza kufundisha vizuri mno, lakini cheti chake si lazima kihesabiwe kuwa shahada. Swali la kwanza kwa chuo chochote cha dini, kiwe cha Kiislamu au cha Kikristo, ni kuhusu mamlaka iliyokipa ruhusa ya kutoa shahada na kama kozi inayoombwa imo katika ruhusa hiyo. Pili, chuo chenye matawi manne kina ada na kozi zinazoweza kutofautiana baina ya tawi na tawi. Anayeuliza ada ya shahada fulani bila kutaja tawi huenda akajibiwa ada ya Kampala, ilhali anakusudia Mbale.

Mtahiniwa wa mfano

Tuchukue mfano wa kijana wa kubuni. Amezaliwa Gisenyi, baba yake anauza nguo karibu na mpaka mdogo wa kuingilia Goma. Alimaliza sekondari katika mchepuo wa historia, jiografia na fasihi. Katika cheti chake ana C ya historia, D ya fasihi na S ya jiografia. Amesoma madrasa miaka 8, anasoma Kiarabu kwa irabu lakini hazungumzi kwa ufasaha. Anataka shahada ya masomo ya Kiislamu, arudi afundishe, na huenda siku moja aongoze msikiti.

Barua yake ya kwanza, kama zilivyo nyingi, ilikuwa ya mistari miwili. Baada ya salamu aliandika kwamba anataka kusoma chuoni hapo, akauliza ni pesa ngapi, na kama kuna ufadhili. Hakutaja kozi, tawi, nchi wala matokeo. Ofisi ya udahili hupokea barua za aina hiyo kwa wingi, na jibu lake la kawaida ni kutuma karatasi ya orodha ya kozi au kumwelekeza mtu kwenye tovuti. Hilo si dharau. Karani aliyesoma barua hiyo hakupewa kitu cha kujibu.

Barua ya pili, iliyoandikwa upya kwa msaada wa mwalimu wake, ilikuwa tofauti. Kwa kuwa Mbale hufundisha na kuandikiana kwa Kiingereza, ilitumwa kwa lugha hiyo. Maana yake kwa Kiswahili ni hii:

*Kichwa cha barua: Swali la udahili, shahada ya masomo ya Kiislamu, tawi la Mbale, mwombaji kutoka Rwanda*

*Kwa Msajili wa Taaluma. Assalaam alaikum. Mimi ni raia wa Rwanda, mkazi wa Gisenyi, wilaya ya Rubavu. Nimemaliza elimu ya sekondari ya juu nikiwa na C ya historia, D ya fasihi na S ya jiografia, yote katika mtihani mmoja. Nakala ya matokeo yangu imeambatishwa. Naomba kujiunga na shahada ya masomo ya Kiislamu, tawi la Mbale, mwezi Agosti.*

*Naomba kujua haya. Je, matokeo hayo yanatosha kwa kozi hii, na ni lazima yalinganishwe na baraza la mitihani la Uganda kabla ya kuomba au baada ya kupata nafasi? Je, kozi inahitaji kiwango gani cha Kiarabu, na kuna mtihani wa kupima? Je, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa ada sawa na Mganda au ada ya mgeni? Mbali na ada ya masomo, ni malipo gani mengine hulipwa kila muhula, kila mwaka, na mara moja tu? Je, kuna msaada wa ada ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Rwanda anaweza kuuomba, na mwisho wa kuomba ni lini? Je, mwanafunzi akikwama kufika kwa wakati, nafasi yake huahirishwa?*

*Nitashukuru kwa majibu. Jina langu ni kama lilivyo katika kitambulisho cha taifa, na namba yangu ya simu ipo hapa chini.*

Barua hii haina maneno ya kujisifu, wala haielezi umaskini wa familia kwa kurasa mbili. Ina maswali sita ambayo kila moja lina jibu la ndiyo, hapana, tarehe au kiasi cha fedha. Kichwa chake kinamwezesha karani kuipeleka kwa mhusika bila kuifungua. Si barua ya kupendeza, na haikukusudiwa kupendeza.

Cheti cha Rwanda mbele ya macho ya Uganda

Swali la kwanza la barua ndilo lenye uzito kuliko yote. Sheria na kanuni za elimu ya juu za Uganda zinamtaka anayeingia shahada moja kwa moja awe amefaulu walau masomo mawili kwa kiwango kikuu, na awe ameyafaulu katika mtihani mmoja, si kwa kuokota somo hili mwaka huu na lile mwaka ujao. Kwa cheti cha Rwanda cha mfumo wa herufi, alama kuanzia A hadi E huhesabiwa kuwa ufaulu mkuu, na S ni ufaulu mdogo. Kijana wa mfano ana C na D, kwa hiyo amevuka kizingiti, ingawa kwa karibu. Angekuwa na C moja na S mbili, asingeweza kuingia shahada moja kwa moja. Angeshauriwa aanzie ngazi ya diploma, ambayo huhitaji ufaulu mkuu mmoja na midogo miwili.

Hata hivyo, si mwombaji anayeamua kwamba C ya Kigali ni sawa na C ya Kampala. Kazi hiyo ni ya Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, ambalo hutoa barua ya ulinganisho baada ya kuona cheti halisi na kulipwa ada yake. Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu hufika Mbale na karatasi ya matokeo iliyochapwa kutoka kwenye tovuti, akidhani inatosha. Karatasi hiyo yaweza kumpatia nafasi ya masharti, yaani anaruhusiwa kuanza huku akitakiwa kuleta ulinganisho baadaye. Asipouleta, anaweza kusoma mwaka mzima na bado jina lake lisiwe katika orodha ya waliosajiliwa kikamilifu. Dalili ya hali hiyo huonekana mapema katika barua ya udahili yenyewe: ikiwa inasema udahili ni wa masharti, yapo masharti yaliyoandikwa chini yake, na hayo ndiyo ya kusomwa kabla ya kiasi cha ada.

Wenye vyeti vya zamani wana jambo jingine. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza katika kufundisha, kwa hiyo mtu mzima aliyemaliza kabla ya hapo huenda ana cheti cha Kifaransa, na atatakiwa tafsiri iliyothibitishwa. Mtu huyo, ikiwa ametimiza miaka 25, ana mlango mwingine nchini Uganda: mtihani maalumu wa watu wazima, ambao huwafungulia njia waliokosa alama mbili kuu. Mlango huo unavutia walimu wa madrasa na wahubiri waliokwisha kuoa na kulea. Lakini kabla ya kuupita, yafaa wasome sehemu ifuatayo.

Shahada itakayorudi nyumbani

Nchini Rwanda, sheria ya mwaka 2018 inayosimamia mashirika ya kidini ilileta sharti ambalo halikuwapo. Viongozi wa mashirika hayo, na wahubiri wenye dhamana ya kusimamia wengine, walitakiwa wawe na shahada ya elimu ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti halali cha mafunzo ya dini. Kulitolewa kipindi cha mpito cha miaka 5 ili watu wasome. Kwa hiyo shahada ya dini, ambayo zamani ilikuwa heshima ya mwanazuoni, imekuwa pia karatasi ya kisheria.

Karatasi hiyo ikitoka nje ya nchi, hupelekwa kwa Baraza la Elimu ya Juu la Rwanda ili itambuliwe. Baraza haliangalii shahada peke yake. Huangalia pia mtu aliingia chuoni kwa sifa zipi, na kipimo chake cha kuingia shahada ni kilekile cha alama kuu mbili za sekondari. Mtu aliyeingia chuo cha nje kwa njia ya mkato, kwa mfano kozi fupi ya maandalizi inayochukua nafasi ya alama alizokosa, anaweza kufaulu masomo yote na bado akapata shida ya kutambuliwa nyumbani. Chuo kilichompokea hakikumdanganya. Kilifuata kanuni za nchi yake, na nchi ya mwanafunzi ina zake.

Kwa sababu hiyo mwombaji asiye na alama kuu mbili anapaswa kuandika barua mbili. Ya kwanza huenda chuoni, kuuliza kama anaweza kupokelewa na kwa njia ipi. Ya pili huenda kwa Baraza la Elimu ya Juu mjini Kigali, akitaja njia hiyo kwa jina lake na kuuliza kama shahada itakayopatikana itatambuliwa. Jibu la pili lisubiriwe kabla ya kulipa chochote. Jibu la maandishi lina thamani ambayo jibu la simu halina, kwa kuwa miaka 3 baadaye afisa aliyepokea simu huenda hayupo tena.

Suala hili linawagusa zaidi waliotoka shule za ufundi. Cheti chao ni halali na chenye heshima, lakini hakikupangwa kwa masomo makuu na madogo kama cha shule za kawaida. Hao waambatishe cheti chote pamoja na orodha ya masomo, na waulize moja kwa moja namna kitakavyolinganishwa.

Ada haiji peke yake

Vyuo vya Uganda hutangaza ada kwa muhula, na mwaka una mihula miwili. Familia nyingi za Gisenyi zimezoea kusikia ada ya mwaka au ya kipindi cha shule, na kosa la kwanza la hesabu huanzia hapo. Tuseme, kwa tarakimu za mfano tu ambazo si za chuo chochote, kwamba ada ya masomo ni shilingi za Uganda 1,000,000 kwa muhula. Shahada ya miaka 3 ina mihula 6, kwa hiyo ni shilingi 6,000,000 kabla mwanafunzi hajala wala kulala.

Juu ya hapo kuna malipo ya huduma: maktaba, mitihani, matibabu, kitambulisho, chama cha wanafunzi. Mengine hutozwa kila muhula, mengine kila mwaka, mengine siku ya kwanza tu. Kuna pia shilingi 20,000 kwa mwaka ambazo kila mwanafunzi wa chuo kikuu nchini humo huchangia Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Kila kimoja ni kidogo, lakini vikijumlishwa vinaweza kumfungia mtu mlango wa chumba cha mtihani, maana vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi kufanya mtihani akiwa na deni. Ndiyo sababu barua ya mfano haikuuliza jumla, bali iliuliza malipo yamegawanywaje.

Bweni na chakula vinahitaji swali lao. Katika baadhi ya vyuo vya dini bweni ni sehemu ya malezi na gharama yake imo katika ada. Katika vingine mwanafunzi hupanga chumba mtaani na kujipikia. Tofauti ya hali hizo mbili, kwa kijana ambaye fedha zake hutumwa na baba kutoka dukani, ni kubwa kuliko tofauti ya ada baina ya kozi na kozi.

Swali la uraia nalo lisidharauliwe. Vyuo hutofautiana: vingine humtoza Mnyarwanda ada ya Mganda kwa kuwa nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, vingine humhesabu kuwa mgeni. Kibali cha mwanafunzi kwa raia wa Jumuiya hutolewa bila malipo, kwa mujibu wa taratibu za soko la pamoja lililoanza mwaka 2010. Mtu akidaiwa fedha nyingi za kibali hicho na wakala, anapaswa kuuliza ni za nini.

Ufadhili: neno moja, mambo matatu

Katika barua nyingi neno ufadhili huandikwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa kweli kuna msaada unaotolewa na chuo chenyewe, ambao mara nyingi ni punguzo la ada na hutolewa kwa aliyekwisha kuonyesha matokeo ya muhula wa kwanza. Kuna ufadhili wa mashirika ya nje, ambao chuo hakiugawi. Na kuna vyuo ambavyo ufadhili umo katika udahili wenyewe. Kuuliza ofisi ya Mbale kuhusu fedha ambazo haizisimamii ni kupoteza wiki mbili.

Mfano wa aina ya pili ni Benki ya Maendeleo ya Kiislamu yenye makao yake Jeddah. Rwanda si mwanachama wa benki hiyo, na hilo, kinyume na dhana ya wengi, si kikwazo. Tangu mwaka 1983 benki ina mpango uliowekwa mahususi kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama. Ila kuna mambo mawili ambayo mwombaji wa Gisenyi hugundua akiwa amechelewa. Mpango huo ulilenga fani kama udaktari, uhandisi na sayansi, si masomo ya dini. Kijana wetu wa mfano hana nafasi humo, lakini dada yake anayetaka kusomea uuguzi ana sababu ya kuulizia. La pili ni kwamba fedha hizo ni zawadi kwa jamii, lakini kwa mwanafunzi ni mkopo usio na riba: akimaliza na kupata kazi, hurejesha katika mfuko wa jamii yake ili wengine wasome. Mpango huu huenda sambamba na taasisi za Waislamu nchini, kwa hiyo mlango wake wa kwanza kwa Mnyarwanda ni jumuiya ya Waislamu wa Rwanda, si ofisi ya udahili ya chuo.

Mfano wa aina ya tatu ni Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961. Mwanafunzi wa nje aliyekubaliwa huko halipi ada, hupewa malazi na posho, na asiyejua Kiarabu huanzia katika taasisi ya lugha. Sifa zake ni kali kwa namna nyingine: umri wa mwombaji wa shahada ya kwanza usizidi miaka 25, na cheti cha sekondari kisiwe kimepita miaka 5. Kwa miaka mingi nafasi hizo za wageni zimekuwa za wanaume. Maombi hufanywa kwenye mtandao, na majibu yanaweza kuchukua muda mrefu bila neno. Kijana wa miaka 24 anayesubiri Madina huku akiacha kuomba kwingine anacheza na saa, kwa maana kila mwaka wa kungoja unakula umri wake na unazeesha cheti chake kwa wakati mmoja.

Kwa upande wa chuo cha Mbale, jibu la kuangaliwa ni lile linalosema kwamba ufadhili unapatikana kwa wanaostahili. Sentensi hiyo haijaahidi kitu. Mwombaji arudi kuuliza ni asilimia ngapi ya ada, kwa muhula mmoja au kwa miaka yote, na alama ngapi zikishuka msaada hukatwa. Hadi apate majibu hayo kwa maandishi, apige hesabu yake kana kwamba ufadhili haupo.

Jina, viambatisho na anwani

Kuna tatizo moja ambalo linawapata Waislamu wa Rwanda kuliko wenzao, nalo ni tahajia ya majina. Jina moja huandikwa Abdoul katika cheti cha Kifaransa cha zama zile, Abdul katika kitambulisho, na Abdulkarim katika cheti cha madrasa. Mwingine ni Moussa shuleni na Musa nyumbani. Nchini Rwanda pia hakuna jina la ukoo linalofuatana kutoka baba hadi mtoto, kwa hiyo jina lipi liende mbele hubadilika kutoka karatasi moja hadi nyingine. Kwa karani wa Mbale hao wanaweza kuwa watu watatu. Dawa yake ni kuchagua jina la kitambulisho cha taifa, kulitumia katika barua, katika fomu na katika anwani ya barua pepe yenyewe, na kurekebisha vyeti vinavyopingana nalo au kupata hati ya kiapo kabla ya kuomba. Kurekebisha baada ya kusajiliwa huchukua muda mrefu zaidi.

Viambatisho navyo viwe vichache na vinavyosomeka. Cheti kilichopigwa picha kwa simu usiku, chini ya taa, pembe moja imekatwa, hurudishwa. Ni bora kwenda kwa wenye mashine ya kunakili mjini na kupata faili moja la PDF lenye kitambulisho na matokeo, lililopewa jina la mwombaji. Barua ya kumtambulisha kutoka kwa imamu haina lazima katika barua ya kuuliza. Itahitajika wakati wa kuomba, na kwa vyuo kama Madina ina uzito mkubwa.

Kisha kuna anwani ya kutuma. Anwani za vyuo vya Uganda huishia na `ac.ug`, kama za Rwanda zinavyoishia na `ac.rw`, za Kenya `ac.ke` na za Tanzania `ac.tz`. Tovuti ya chuo cha Mbale ni `iuiu.ac.ug`, na anwani za ofisi zichukuliwe humo, si katika kundi la simu. Jibu likitoka katika anwani ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bure, likataja namba ya simu ya kupokelea fedha kwa jina la mtu binafsi, na likasema nafasi itapotea kesho, hilo si jibu la chuo hata kama lina nembo yake. Ada ya chuo hulipwa katika akaunti ya chuo, na mlipaji hupata namba ya kumbukumbu yenye jina lake.

Wakati na njia

Mwaka wa masomo wa Uganda huanza Agosti. Wa Rwanda humalizika Julai, na matokeo ya taifa hutoka baadaye, mara nyingine Mbale ikiwa imekwisha kufungua. Kijana wa Gisenyi asiyejua hilo huandika akitaka kuanza mwaka uleule, akaambiwa amechelewa, akakata tamaa. Aliyejua huandika mapema ili ajue masharti, matokeo yakitoka hupeleka cheti chake kulinganishwa, na huomba nafasi ya Agosti inayofuata. Miezi hiyo si ya bure kwa mwenye Kiarabu pungufu.

Swali la mwisho katika barua ya mfano, la kuahirisha nafasi, halikuwekwa kwa kujaza ukurasa. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019, na haukufunguliwa hadi tarehe 31 Januari 2022. Katika muda huo Wanyarwanda waliokuwa na nafasi katika vyuo vya Uganda walijikuta hawana njia ya kawaida ya kwenda, na waliokuwa huko walihofia kwamba wakirudi likizo hawatatoka tena. Mtu wa Gisenyi, ambaye njia yake fupi ni kupitia Musanze na Cyanika hadi Kisoro, kisha Kampala na Mbale, anapita mpaka kabla ya kufika chuoni, na ana haki ya kujua ada iliyokwisha kulipwa itakuwaje mpaka ukimzuia. Jibu la kawaida ni kwamba nafasi huahirishwa kwa ombi la maandishi lililotumwa kabla ya siku ya mwisho ya usajili. Ombi la baada ya siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanafunzi hakufika.

Chuo kisipojibu baada ya siku 10 za kazi, mwombaji hujibu juu ya barua yake ileile badala ya kuanzisha mpya, ili karani aone maswali na viambatisho vyote mahali pamoja. Akinyamaziwa tena, hupiga simu kwa namba iliyo kwenye tovuti, hutaja tarehe aliyotuma na kichwa cha barua, kisha huomba jibu lake lije kwa maandishi.